Hamri halivimbi: lipasue, kosa limo ndani

Hamri likigoma kuvimba, wengi hukimbilia kuongeza hamira. Ndiyo dawa ya kwanza utakayopewa ukiuliza majirani, kuanzia Nyamanoro hadi Igoma hapa Mwanza, na mara nyingi ndiyo inayozidi kuharibu. Hamira ina kazi yake, lakini lile tundu la katikati, lile unalojazia mbaazi, haliletwi na hamira peke yake. Linaletwa na mvuke. Kipande cha pembetatu kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani ya unga yanageuka mvuke, hewa iliyoachwa na hamira inatanuka, na vyote viwili vinatafuta pa kutokea. Kama ngozi ya juu na ya chini bado ni laini na hazina mahali panapovuja, zinaachana na hamri linajaa. Hayo yote huanza na kumalizika ndani ya sekunde chache, kabla ngozi haijakauka na kukaza.

Kwa hiyo, hamri bapa linakuambia mojawapo ya haya: unga haukuwa na maji ya kutosha kutoa mvuke, ngozi ilikuwa na mahali pa kuvuja, unga ulikuwa umechoka na haukuweza kushika hewa, au moto haukufika kwa wakati. Kila kosa linaacha alama yake, na alama hizo zinaonekana.

Ili tuwe tunazungumzia unga mmoja, hiki ndicho kipimo ninachokitumia mimi. Unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150 (robo tatu ya kikombe), hamira ya chenga kijiko kikubwa kimoja kilichosawazishwa, iliki ya kusaga vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na tui vuguvugu kati ya mililita 550 na 650. Kanda dakika 10 hadi 15, funika mpaka uumuke mara mbili, gawa madonge 8, yapumzishe, sukuma kila donge liwe duara la upana wa sentimita 20 hivi na unene wa zaidi kidogo ya nusu sentimita, kata vipande vinne vya pembetatu, vipumzishe dakika 15 hadi 20, kisha kaanga. Unapata mahamri 32.

Kwanza lipasue

Usihukumu hamri kwa nje. Liache lipoe kidogo, lishike ubavuni, lipasue kwa vidole kama unayetaka kulijaza, kisha utazame.

Ukikuta mkate uliobana, mzito, wenye vitundu vidogo vidogo vilivyoshikana na hakuna uwazi, unga ulikuwa mgumu au haukuumuka vya kutosha. Ukikuta mkate wenye matundu makubwa yasiyolingana, na ukiubonyeza vidole vinatoka na mafuta, hilo liliumuka kupita kiasi. Ukikuta kona moja ina uwazi mzuri na kona nyingine ni mkate mtupu, tatizo liko kwenye kusukuma. Na ukikuta uwazi mzuri kila upande lakini kuta zake zimekauka, kuvimba hakuna shida. Shida ni ya kukaanga au ya kuhifadhi.

Andazi la kawaida la huku Mwanza, lile nene linalouzwa na chai ya rangi, linatakiwa lijae mkate ndani, kwa hiyo usilitumie kama kipimo. Wengi waliozoea kupika hilo husukuma hamri kwa unene uleule wa andazi, nalo linatoka andazi lenye iliki. Ni tamu, ila tundu hulipati.

Mkate umebana: angalia tui kabla ya hamira

Hapa ndipo wapishi wa kanda ya ziwa wanapokwama zaidi, na sababu yake ni nazi. Nazi zetu zinatoka pwani kwa lori. Zikifika sokoni zina siku nyingi tangu ziangushwe, nyingine maji yake yamepungua, na mpishi akishaipata nzuri anataka kuikamua tui zito asipoteze kitu. Anapima kikombe cha tui zito la kwanza, anakandia, unga unaonekana laini na unateleza mkononi, naye anaridhika. Kwenye karai hamri linakuwa zito.

Tui zito la kwanza, robo hadi theluthi yake ni mafuta. Kikombe chake hakina maji ya kikombe kizima. Unga unahisi laini kwa sababu ya mafuta, lakini ngano haikupata maji ya kutosha ili nguvu yake ya kuvutika, ile glutini, ijitengeneze, na hakuna maji ya kutosha ya kugeuka mvuke. Unga wa namna hiyo una dalili yake: unang'aa, haushiki mkono kabisa, lakini ukivuta kipande kinakatika upesi badala ya kurefuka. Chukua kidonge, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Unga uliokandwa vizuri na wenye maji yake unatanuka mpaka unakaribia kuona mwanga kupitia humo. Ukikatika mapema huku ukiwa mgumu, au unang'aa bila kushika mkono, umekosa maji. Ukikatika mapema huku ukiwa laini na unanata, bado haujakandwa.

Dawa ni kuchanganya. Mimi nachukua tui zito nusu na tui la pili nusu, kisha nabakiza mililita 50 pembeni na kuziongeza kidogo kidogo wakati wa kukanda. Tui la pakiti nalo linatofautiana kati ya aina na aina. Likiwa zito kiasi cha kusimama kwenye kijiko, liongeze maji kiasi cha robo yake. Unga uliokamilika unatakiwa uwe laini kuliko wa chapati za kusukuma, unaoshika kidole kidogo ukiugusa na kuachia ukiondoa. Katika kukanda, unga unaonata dakika ya tatu si unga uliozidi maji. Vumilia hadi dakika ya nane kabla ya kuongeza unga mkavu, kwa sababu ngano hunywa maji taratibu, na ngano iliyoongezewa unga mkavu katikati ndiyo inayozaa hamri gumu la mchana.

Kuhusu nazi yenyewe: itikise sikioni usikie maji. Ukiivunja, nyama iwe nyeupe na inuse utamu. Nyama ikiwa ya manjano, imelainika kwa mafuta au inanusa kama sabuni, hiyo imechacha. Hakuna iliki itakayoficha harufu hiyo, maana ukikaanga ndiyo inazidi. Bora ununue pakiti.

Unga haukuumuka kabisa

Hili ni rahisi kulijua na sitalikalia. Tui lililochemka na kumiminwa likiwa la moto linaua hamira. Tumbukiza kidole, ukihisi joto la kuoga mtoto, ndilo hilo. Sukari ikizidi, hamira inadumaa: kwa kilo ya unga, gramu 150 haina tatizo, lakini ukifika gramu 250 utasubiri sana, na mahamri yatawahi kuwa meusi nje kabla hayajaiva ndani. Hamira ya kopo lililofunguliwa siku nyingi ijaribu kwanza kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu na kijiko cha sukari. Baada ya dakika 10 iwe imefanya povu. Kama haikufanya, itupe.

Kilichobaki ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Mwanza zina ubaridi, na unga uliozoea kuumuka kwa muda wa saa moja mchana wa mwezi wa kumi unaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Usitazame saa. Tazama beseni: umekuwa mara mbili, na ukichoma kidole kilichopakwa unga, shimo linabaki likijaa polepole mno. Likiziba mara moja, subiri.

Kona moja inavimba, nyingine inalala

Chukua pembetatu mbichi, iweke usawa wa macho, uitazame kwa ubavu. Mara nyingi utaona ncha iliyotoka katikati ya duara ni nene na upande wa nje ni mwembamba. Mpishi aliusukuma unga kutoka katikati kwenda nje bila kuurudia katikati, au unga ulikuwa unamrudia mkononi, akachoka akauacha hivyo. Mvuke unafungua njia pale palipo pembamba kwanza, ngozi ya hapo inakaza, na sehemu nene inabaki nyuma.

Unga unaorudi haukupumzika. Baada ya kugawa madonge, yafunike dakika 10 hadi 15 kabla ya kugusa msukumio. Kisha sukuma kwa kuzungusha donge robo duara kila mara, mkono ukiwa mwepesi, bila kukandamiza kingo. Donge likianza kurudi tena, liache, shika jingine, ulirudie baada ya dakika mbili.

Kama unene uko sawa na bado kona inalala, tafuta tundu. Pembetatu inayovuja ina alama: utaona povu jembamba likitoka mahali pamoja kwenye mafuta, likiwa mfululizo. Hapo ndipo mvuke unapokimbilia. Kinachotoboa ngozi ni vitu vidogo ambavyo mpishi havihesabu: kipande cha ganda la iliki, mbegu ya iliki isiyosagwa, chembe za machicha zilizopita kwenye chujio lenye matundu makubwa. Iliki menya, tupa maganda, twanga mbegu na kijiko cha sukari ili zisagike vizuri, halafu chekecha. Tui lichuje mara mbili, ya pili kwa kitambaa. Anayenunua iliki iliyosagwa sokoni pamoja na maganda aichekeche kwa chujio la chai. Atashangaa kinachobaki juu.

Na unga wa kunyunyizia meza uwe kidogo. Ukizidi, unatengeneza ngozi kavu upande mmoja, unaanguka kwenye karai, unaungua, na mikupuo ya mwisho inatoka na madoadoa meusi yenye uchungu. Kung'uta kila pembetatu kabla ya kuitia.

Mkupuo wa kwanza yanavimba, wa mwisho yanalala

Huu ndio mkanganyiko mkubwa kwa wanaopika kwa biashara, kwa sababu unga ni uleule. Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa kuwa makosa yake mawili yalikuwa yamefichana.

Mama mmoja anauza chai ya maziwa na mahamri Mwaloni, Kirumba, kwa wachuuzi wa dagaa wanaoingia alfajiri. Anakanda kilo 3, yaani mahamri karibu mia moja. Karai lake linachukua matano kwa raha. Yale ya mwanzo yalikuwa yanajaa kama mto. Kuanzia katikati ya beseni yanavimba nusu. Ya mwisho bapa na yanachuruzika mafuta, na wateja wa saa moja walikuwa wanamlalamikia. Alishapandisha hamira kutoka vijiko vitatu hadi vitano. Hali ikawa mbaya zaidi, akaamua kosa ni la mkaa.

Mkaa ni mtuhumiwa wa haki, kwa hiyo tulianza nao. Wakati wa mikupuo ya mwisho nilidondosha kidonge cha unga ukubwa wa punje ya njegere. Kilizama, kikaibuka kabla sijamaliza kuhesabu tatu, kikiwa na povu dogodogo pande zote. Hayo ni mafuta yenye joto zuri, nyuzi 175 hadi 185 hivi. Kingekaa chini, mafuta yangekuwa yamepoa. Kingegeuka kahawia papo hapo, yangekuwa yamezidi. Mkaa haukuwa na hatia.

Tukapasua hamri la kwanza na la mwisho, tukayaweka pamoja. La kwanza lilikuwa na uwazi mmoja na kuta nyembamba. La mwisho lilikuwa na matundu makubwa kama sifongo, na mafuta yamekaa ndani ya matundu. Unga uleule, lakini wa pili ulikuwa umeumuka kupita kiasi.

"Mama, pembetatu hizi ulizikata saa ngapi?"

"Zote kwa pamoja, mwanangu, kabla sijabandika karai. Ili nikianza kukaanga nisisimame."

Hesabu ikajieleza. Mahamri mia moja, matano kwa mkupuo, ni mikupuo ishirini. Kila mkupuo dakika tatu, ni saa nzima. Pembetatu ya mwisho ilikuwa imekaa saa moja na zaidi mezani, kando ya jiko linalotoa joto, ikiwa na hamira iliyoongezwa. Ilitakiwa ikae dakika 20. Unga ulioumuka hivyo, vyumba vyake vya hewa vimetanuka mpaka kuta zimechoka. Mvuke ukija vinapasukiana badala ya kusukuma ngozi, na mafuta yanaingia palipopasuka. Kuongeza hamira kulikuwa kunaufikisha unga kwenye uchovu huo mapema zaidi.

Ukibonyeza pembetatu kwa kidole utajua. Iliyo tayari inarudi taratibu na kuacha alama ndogo. Iliyopitiliza haitarudi, inabaki na shimo, wakati mwingine inasinyaa yote.

Nilipozigusa zile zilizosubiri nikakuta jambo la pili. Za upande wa ziwani zilikuwa na ngozi kavu kama karatasi, na ukiikunja kona inapasuka mistari. Meza yake ipo wazi na upepo unapita juu ya pembetatu. Ngozi iliyokauka haitanuki. Hata unga wake ungekuwa sawa, zingetoka bapa zenye malengelenge. Alikuwa amezifunika, ndiyo, lakini kwa gazeti.

Tulichobadilisha ni hiki. Hamira ilirudi vijiko vitatu kwa kilo tatu. Unga ukagawanywa mafungu matatu. Fungu la tatu linakandwa kwa tui lisilopashwa moto, ili liumuke polepole na lisiwahi. Fungu la kwanza likishakatwa na kupumzika, mama anaanza kukaanga, na wakati huohuo binti yake anasukuma na kukata la pili. Fungu moja ni mahamri 32, yaani mikupuo sita au saba, dakika 20 hivi. Ndio muda ambao fungu la pili linauhitaji kupumzika. Fungu linalosubiri linabaki beseni, limefunikwa, na likipanda sana linakandamizwa mara moja litoe hewa. Pembetatu zikafunikwa kwa kitambaa cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa kabisa, kisha juu yake plastiki, maana kitambaa chenye maji kinafanya ngozi inate na kuchanika unapoiinua.

Mikupuo ya mwisho ikaanza kuvimba. Siyo yote: mawili matatu katika kila fungu huendelea kulala, na ukiyapasua ni yale yaliyosukumwa vibaya.

Kama zimeshapitiliza na wateja wanasubiri, usizikaange hivyo. Zikusanye, zikande dakika moja, gawa madonge, pumzisha dakika 10, sukuma tena, kata, acha dakika 10, kaanga. Zitavimba. Zitakuwa na utafunaji kidogo zaidi na utamu umepungua, lakini zitauzika. Mara ya pili tu. Ya tatu hapana.

Mafuta na mkono unaokaanga

Mafuta yawe na kina cha sentimita 5 angalau, hamri lielee bila kugusa chini. Likigusa chini, upande mmoja unakaza mapema. Ya alizeti yanafaa, ya pamba vilevile. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki yaache kwa samaki.

Tia pembetatu, subiri iibuke, kisha papo hapo chota mafuta ya moto kwa kijiko cha matundu uimwagie juu, mara tatu nne. Wengi wanaruka hatua hii. Upande wa juu ukibaki nje ya mafuta unakaa baridi wakati wa chini unakaza. Ukiumwagia, ngozi ya juu inapata joto ikiwa bado laini, mvuke unaongezeka pande zote, na utaiona inapanda mbele ya macho yako. Ikishajaa, igeuze. Dakika moja kila upande, au zaidi kidogo, mpaka rangi ya kahawia isiyokolea.

Usijaze karai. Pembetatu nane kwenye karai la tano zinashusha joto la mafuta, na sekunde za kuvimba ni chache mno kusubiri yapande tena. Kwa mkaa, joto huwa linaanguka katikati ya kazi: ongeza mkaa uliokwisha kushika moto pembeni kabla haujapungua, kwa sababu mkaa mbichi unapoza jiko kwa dakika kadhaa. Rudia kidonge cha unga kila baada ya mikupuo mitatu.

Watu huniuliza kama mwinuko wa Mwanza, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndio unaozuia mahamri ya pwani kuvimba huku. Maji yetu yanachemka chini kidogo ya nyuzi 100, karibu 96, na hewa ndani ya unga inatanuka kwa wepesi kidogo. Kwa hamri hilo ni msaada, kama ni kitu. Unachopaswa kuangalia ni kwamba mchana wa joto unga unaweza kuwahi kuliko maelezo ya mpishi wa Mombasa au Tanga yanavyosema.

Kuna linalovimba vizuri, likitoka linasinyaa. Kukunjamana kidogo ni kawaida, mvuke ukipoa lazima upungue. Likilala kabisa na ndani ukakuta unyevunyevu wa unga mbichi, kuta hazikuiva: mafuta yalikuwa ya moto mno, rangi ikakudanganya. Punguza moto, ongeza nusu dakika. Likilala na ndani kukavu, rudi kwenye kuumuka kupita kiasi.

Laini asubuhi, gumu mchana

Mafuta ya nazi ndani ya unga ndiyo yanayolinda ulaini, kwa hiyo anayekandia tui la pili tupu au maji yenye tui kidogo asitegemee hamri la jioni. Nusu kwa nusu niliyoitaja inatosha. Akitaka ulaini zaidi bila kuharibu maji ya unga, aongeze kijiko kikubwa kimoja cha mafuta au siagi kwa kilo, mwishoni mwa kukanda.

Sababu ya pili ni kukaa sana kwenye mafuta. Mafuta ya baridi hayapiki haraka, mpishi anasubiri rangi dakika tano, na muda wote huo maji yanatoka kwenye kuta. Hamri hilo litakuwa na mafuta nje na ukavu ndani, na saa sita mchana unalivunja kama biskuti. Kama yako yanavimba lakini yanakauka, hesabu muda wa mkupuo mmoja. Ukizidi dakika tatu, moto ni mdogo au yamejaa mno.

Kisha kuhifadhi. Yakitoka, yapange kwa kuyasimamisha kwenye chujio au sinia lenye karatasi, dakika tano hadi kumi, mvuke mkali utoke. Ukiyatumbukiza kwenye hotipoti yakiwa yanafuka, maji yanadondoka kutoka kwenye mfuniko na ngozi inakuwa tepetepe. Ukiyaacha wazi mpaka yapoe kabisa, ukuta mwembamba unakauka, na kwa upepo wa hapa haichukui muda. Wakati wake ni yanapokuwa vuguvugu, unaweza kuyashika bila kuungua mkono: hapo yatie kwenye beseni lenye kitambaa kikavu, funika kwa kitambaa, kisha mfuniko.

Friji inayafanya magumu haraka kuliko kabati, kwa sababu wanga wa ngano iliyoiva hukaza upesi kwenye ubaridi huo. Ya kula kesho yaache nje, yamefungwa. Ya wiki yagandishe kabisa. Kuyarudisha, nyunyizia matone ya maji, funika kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, dakika mbili kila upande, na yaliwe hapohapo, maana yakipoa mara ya pili yanakuwa magumu kuliko mwanzo.